Umetumiwa kalenda iliyojaa matukio yanayogongana ukaambiwa tu "panga": maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na makatibu muhtasi, wasaidizi wa miradi na wengine waliokabidhiwa kalenda ya mtu mwingine. Mifano karibu yote nimeitoa katika siku moja, Jumanne ya tarehe 11 Novemba 2025, ya mkurugenzi wa mradi jijini Dar es Salaam ambaye nilikuwa nikimpangia ratiba. Siku hiyo ilikuwa na karibu kila tatizo ninaloulizwa.

Bosi amenitumia faili la kalenda na neno moja, "panga". Anataka nini hasa?

Huenda anataka orodha iliyonyooka kwa tarehe na saa. Huenda anataka vikao viwe upande wake na mambo ya nyumbani upande wake. Mara nyingi, lakini, anachotaka ni kuondolewa migongano, maana ndiyo iliyomfanya achoke hadi akatuma faili zima badala ya kueleza.

Usimrudishie swali la "unamaanisha nini?" peke yake. Atalisoma akiwa katikati ya kikao na hatalijibu. Usihamishe kitu pia. Mpelekee ukurasa mmoja wenye mafungu matatu: haya yabaki yalipo, haya naona yanaweza kusogezwa na ningeyapeleka saa fulani, na haya siyajui, naomba uniambie. Neno "naona" lisikosekane, kwa sababu hakuna mahali popote ndani ya faili panaposema kwamba tukio fulani linahamishika. Unachokiona ni dalili tu, na mwenye kalenda ndiye anayejua.

Hilo faili lina nini ndani?

Ni maandishi ya kawaida. Jina lake huishia na `.ics`, na unaweza kulifungua kwa Notepad. Ukiitoa kalenda kutoka Google kupitia Settings, kisha Import & export, unapata faili la zip lenye faili moja la `.ics` kwa kila kalenda. Kila tukio limefungwa kati ya mistari miwili, BEGIN na END. Hili hapa ni la mahojiano ya siku ile, nikiwa nimebadilisha anwani na kupunguza baadhi ya mistari:

```
BEGIN:VEVENT
DTSTART:20251111T113000Z
DTEND:20251111T123000Z
SUMMARY:Mahojiano ya mhasibu
ORGANIZER:mailto:utumishi@example.org
ATTENDEE;PARTSTAT=NEEDS-ACTION:mailto:mkurugenzi@example.org
STATUS:CONFIRMED
TRANSP:OPAQUE
END:VEVENT
```

DTSTART ni mwanzo, DTEND ni mwisho, SUMMARY ni kichwa. Mstari wa ORGANIZER ndio wa kuutazama kwanza ukitaka kujua nani ana mamlaka ya kusogeza kikao: huyo ndiye aliyekiita. Hapa si bosi wangu, ni ofisi ya utumishi. Mstari unaofuata unasema bosi amealikwa na bado hajajibu, ndiyo maana ya NEEDS-ACTION. Angekuwa amekubali pangeandikwa ACCEPTED.

Mbona saa zilizo ndani ya faili si zile ninazoziona kwenye simu?

Angalia herufi Z mwishoni mwa saa. Maana yake saa imeandikwa kwa UTC, saa ya rejea ya dunia nzima, nasi Afrika Mashariki tuko mbele kwa saa 3 mwaka mzima. Hivyo 113000Z ni 14:30, yaani saa nane na nusu mchana. Simu inakuongezea hizo saa 3 yenyewe, lakini ukisoma faili kwa macho lazima uongeze wewe.

Kwenye mafaili ya Google utaona pia mtindo wa pili. Tukio la mara moja huandikwa kwa Z, na tukio linalojirudia huandikwa kwa saa ya mahali pamoja na jina la eneo, kwa mfano `TZID=Africa/Dar_es_Salaam`. Hilo usiliongezee kitu.

Jina la eneo likiwa la Ulaya, kaa macho. Bosi wangu alikuwa na simu ya kila Jumanne na mfadhili, iliyoandikwa `TZID=Europe/London` saa 11:00. Hadi Oktoba simu hiyo ilikuwa saa saba mchana kwetu. Uingereza ilirudisha saa nyuma Jumapili ya tarehe 26 Oktoba 2025, na kuanzia Jumanne iliyofuata simu ileile ikawa saa nane. Hakuna aliyeigusa. Aliyepanga mahojiano aliangalia Jumanne za Oktoba, akaona simu inaisha saa nane, akaweka mahojiano saa nane na nusu. Ukikuta mgongano ulioanza ghafla mwishoni mwa Oktoba, au mwishoni mwa Machi ambapo wanasogeza saa mbele, tafuta jina la eneo kabla hujamlaumu mtu.

Kuna tukio la "chakula cha mchana" limewekwa alfajiri. Ni kosa la programu?

Ni kosa la mkono, na kwetu ni la kila siku. Mtu anasema moyoni "saa saba", anaandika 7:00, na kalenda inaelewa saa moja asubuhi. Kwenye siku yetu palikuwa na "Chakula na wifi, saa 7" lililoandikwa 040000Z, yaani 07:00. Kichwa chenyewe kimebeba saa ya kweli. Tukio hilo ni la saa saba mchana, 13:00.

Dalili yake ni shughuli isiyofanana na wakati wake: benki saa tisa usiku, kikao cha kamati saa kumi alfajiri. Tofauti huwa ni saa 6 kamili. Kosa hili lina madhara mawili. Linaacha pengo la uongo mchana, ukaweka kitu pale ukidhani ni pazuri, na wakati mwingine linatengeneza mgongano wa uongo asubuhi. Rekebisha haya kabla ya kuhesabu migongano, na uyaorodheshe kwa bosi, kwa sababu mara chache mtu kweli ana safari ya alfajiri.

Nitajuaje kwamba matukio mawili yanagongana kweli?

Yanagongana kama la kwanza linaanza kabla la pili halijaisha, na la pili linaanza kabla la kwanza halijaisha. Masharti yote mawili yatimie. Linaloisha saa tisa na linaloanza saa tisa yamegusana tu, hayajagongana. Kugusana nako kuna shida yake, nitaieleza chini.

Kalenda ikiwa na matukio mengi, yaweke kwenye jedwali la Excel au LibreOffice: mwanzo safu ya A, mwisho safu ya B, kichwa safu ya C. Panga kwa safu ya A, tukio la kwanza likiwa mstari wa 2. Kisha andika hii kwenye D3 uivute hadi chini:

```
=A3<MAX(B$2:B2)
```

Ikijibu TRUE, tukio hilo linagongana na mojawapo ya yaliyo juu yake. Wengi hulinganisha kila mstari na uliotangulia tu, na hapo ndipo wanapokosea. Chukua warsha ya saa mbili hadi saa sita, halafu simu ya saa tatu hadi saa tatu na nusu, halafu kikao cha saa nne. Kikao hakigongani na simu iliyo juu yake, lakini kiko katikati ya warsha. MAX inatazama mwisho ulio mbali kuliko yote yaliyopita, kwa hiyo haikipitii.

Nimehesabu migongano mingi mno. Yote ni ya kweli?

Sidhani. Ondoa kwanza ya uongo, nayo huwa ya namna nne.

Ya kwanza ni matukio ya siku nzima, kama siku za kuzaliwa na sikukuu. Yanapita juu ya kila kitu lakini hayachukui muda wa mtu. Utayajua kwa `VALUE=DATE`, na kwamba hayana saa. Tarehe yake ya mwisho huandikwa siku moja mbele: kuzaliwa kwa shangazi tarehe 11 kunaishia 20251112, na hiyo haimaanishi kwamba tarehe 12 imo.

Ya pili ni nakala. Kikao kilekile kimo kwenye kalenda ya ofisi na ya binafsi. Linganisha mistari ya UID, ambayo ni kitambulisho cha tukio. Zikifanana, ni kitu kimoja. Kama mtu alikiandika mara mbili kwa mkono, UID zitatofautiana na itabidi uamue kwa kichwa na saa.

Ya tatu ni vikao vilivyofutwa ambavyo bado vimo, vyenye `STATUS:CANCELLED`.

Ya nne inasumbua zaidi. Kikao cha kila wiki kikisogezwa mara moja, faili huhifadhi kanuni ya kujirudia, halafu chini yake linaweka tukio la pili lenye UID ileile na mstari wa RECURRENCE-ID. Mstari huo unataja saa ya awali iliyobadilishwa. Ukisoma harakaharaka utaona vikao viwili siku hiyo. Ukweli ni kimoja, kile chenye RECURRENCE-ID, na kile cha zamani hakipo tena.

Sasa, ni matukio yapi yanaelekea kuhamishika?

Mimi huanza na swali moja: likihama, nani mwingine atalazimika kubadili siku yake? Mtu akiwa peke yake, ni jepesi. Wakiwa watano wa ofisi moja, linawezekana kwa ujumbe mmoja. Akiwemo mtu wa nje, ni zito. Ikiwa kuna chombo kinachoondoka au foleni iliyolipiwa, liache.

Faili linakusaidia kwa kiasi fulani. Tukio lisilo na ATTENDEE hata mmoja ni la mtu mwenyewe, kama "kuandika ripoti" au "kujibu barua". Hayo ndiyo ya kwanza kusogea. Kikao ambacho ORGANIZER ni bosi wako kiko chini ya mamlaka yake, hivyo akikubali umemaliza. Kikao kilichoitwa na mwingine huwezi kukihamisha. Unaweza tu kuomba saa nyingine au kutohudhuria, na kabla hajajibu mwaliko ni rahisi zaidi kuomba kuliko baada ya kukubali. `STATUS:TENTATIVE` inaonyesha jambo halijathibitishwa. `TRANSP:TRANSPARENT` ina maana mwenye kalenda ameonyesha yuko huru muda huo, aghalabu kwa sababu aliweka kumbukumbu tu.

Kujirudia, yaani mstari wa RRULE, ni dalili ya pande mbili. Kikao cha kila wiki kikisogea mara moja hakuna kinachoharibika, kwa kuwa wiki ijayo kipo. Lakini kinachojirudia kwa miaka bila kuguswa huenda kimeshikilia maisha ya mtu.

Unamaanisha nini, kushikilia maisha ya mtu?

Namaanisha yale yanayoonekana mepesi ndani ya faili kumbe hayahami. Kwa bosi wangu palikuwa na "Mtoto shule", Jumatatu hadi Ijumaa, saa tisa hadi saa kumi. Halina mwalikwa, halina mahali, halina maelezo. Kwa dalili zote nilizotaja hapo juu lingekuwa la kwanza kusogezwa, nami wiki yangu ya kwanza nilipendekeza hivyo. Akanijibu kwa sauti ya upole, "Mwanangu, pale getini hakuna mtu mwingine wa kumpokea."

Tangu hapo nina kundi nisilolipendekezea kitu bila kuuliza, hata liwe tupu namna gani: watoto, wagonjwa, dawa, swala ya Ijumaa, misa, msiba, mahakama, mtihani, boti ya Zanzibar, na tarehe ya mwisho ya kuwasilisha kitu. Hilo la mwisho hudanganya sana, kwa sababu mtu huliandika kama tukio la nusu saa. Nusu saa yenyewe inaweza kuwahi kufanywa, lakini haiwezi kuchelewa. Linasogea kurudi nyuma tu.

Tuonyeshe siku hiyo nzima mliipangaje.

Baada ya kutoa siku ya kuzaliwa ya shangazi na kurudisha chakula cha wifi saa saba, yalibaki haya:

Saa 2:30 hadi 4:00 asubuhi, kikao cha timu cha kila Jumanne, kimeitwa na bosi, watu sita.
Saa 3:00 hadi 4:00, daktari wa macho.
Saa 3:30 hadi 5:30, kuandika ripoti ya robo mwaka, peke yake.
Saa 7:00 hadi 8:00 mchana, chakula na wifi.
Saa 8:00 hadi 9:00, simu ya mfadhili.
Saa 8:30 hadi 9:30, mahojiano ya mhasibu.
Saa 9:00 hadi 10:00, mtoto shule.

Migongano ni mitano, lakini ina vifundo viwili tu. Asubuhi kikao, daktari na ripoti vinagongana kila kimoja na mwenzake, na hiyo ni mitatu. Mchana mahojiano yanaigonga simu upande wa mbele na shule upande wa nyuma. Ukifungua kifundo, migongano yote iliyomo inaachia pamoja, kwa hiyo usiihangaikie mmojammoja.

Asubuhi niliacha daktari palepale. Miadi ya daktari wa macho ukiiachia unaanza foleni upya. Kikao cha timu ni cha bosi mwenyewe, hivyo nikapendekeza kisogee saa tano hadi saa sita na nusu. Niliacha saa nzima kati ya daktari na kikao kwa ajili ya foleni za barabarani, maana kalenda haijui kwamba kutoka hospitali hadi ofisini kuna safari. Ripoti ilionekana ingetosha popote, lakini nilikumbuka kitu kisichokuwemo kwenye faili: daktari wa macho mara nyingi huweka matone ya kupanua mboni, na baada ya hapo kusoma maandishi ya karibu kunakuwa kwa shida kwa saa kadhaa. Kuongea kwenye kikao anaweza, kukodolea jedwali hawezi. Ripoti nikaipeleka Jumatano, saa mbili hadi saa nne asubuhi.

Mchana, simu ilikuwa ya mfadhili na shule haihami, kwa hiyo yaliyobaki ni mahojiano, ambayo si ya bosi. Nikamwandikia: "Shikamoo mama. Mahojiano ya mhasibu yanagongana na simu ya mfadhili na kumchukua mtoto. Naona yafaa Jumatano saa nne. Niwaombe utumishi? Na je, mwombaji ameshaambiwa saa?" Swali la mwisho ndilo lililobeba uzito, maana mtu aliyekwishapanda basi kutoka mkoani hasogezwi kwa urahisi. Utumishi walijibu kwamba barua bado haijatoka. Wakahamisha wenyewe.

Ilibaki simu kugusana na shule saa tisa kamili. Kwa hesabu hakuna mgongano. Kwa uhalisi, simu ikizidi dakika kumi mtoto anasubiri dakika kumi. Nilimwomba bosi amwambie mfadhili mwanzoni mwa simu kwamba ataondoka saa tisa kasorobo.

Nikishakubaliwa, nirekebishe faili kisha niliingize tena kwenye kalenda?

Hapana. Faili ni picha ya kalenda wakati lilipotolewa. Ukiliingiza tena unaweza kupata nakala juu ya nakala, na Google haiingizi waalikwa waliomo kwenye faili, kwa hiyo wenzako hawatapata taarifa yoyote. Bosi ataona saa mpya, timu itabaki na ya zamani. Tumia faili kusomea na kuhesabia, kisha uhamishe kila tukio ndani ya kalenda yenyewe na ukubali taarifa zitumwe kwa waalikwa. Anza na matukio yenye watu wengi, umalizie na ya mtu peke yake.

Kikao cha kila wiki, nihamishe kimoja au vyote?

Kalenda itakuuliza: tukio hili tu, hili na yanayofuata, au yote. Kwa mgongano wa siku moja chagua hili tu. Ukichagua yote unaweza kubadilisha hata wiki zilizopita, na anayetafuta kumbukumbu za vikao baadaye atapotea. Lakini kama chanzo ni saa ya London, mgongano utarudi kila Jumanne hadi mwishoni mwa Machi wanapobadilisha tena, basi hapo ni busara kuhamisha hili na yanayofuata.

Ni salama kumtumia mtu mwingine faili hili anisaidie?

Lisafishe kwanza. Ndani yake mna anwani za barua pepe za waalikwa wote, viungo vya simu za video na chochote kilichoandikwa kwenye DESCRIPTION, pamoja na majina ya wagonjwa au mishahara kama mtu aliyaweka. Mpangaji anahitaji mwanzo, mwisho, kichwa, aliyeita na idadi ya waalikwa. Nakili hizo safu tano kwenye jedwali, faili lenyewe libaki kwako. Mistari mirefu ndani ya faili hukatwa na kuendelea mstari wa chini ukianza na nafasi moja, kwa hiyo unapofuta anwani angalia na mstari unaofuata, usije ukaacha nusu yake.